Mpwa wangu kakamatwa mwaloni Igombe, mashine haijaibiwa. Anashtakiwa kwa lipi?

Mjomba_Igombe

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na mzigo, naomba wenye uelewa wa sheria mnisaidie.

Wiki iliyopita mwezi ulikuwa mpevu, na wanaojua ziwa letu, Victoria, wanajua maana yake: mitumbwi ya dagaa ilikuwa imelazwa nchi kavu, taa za karabai na za sola zimezimwa, wavuvi wako majumbani. Wenye mashine za kuendeshea mitumbwi wengi huzifungua wakaenda nazo nyumbani. Mmoja aliiacha ya kwake kwenye mtumbwi, kaifunga kwa mnyororo na kufuli.

Saa nne usiku walinzi wa mwalo wakamkuta mpwa wangu, miaka 22, amejibanza kwenye matete. Kutoka pale hadi kwenye mtumbwi ni kama hatua sitini, nimezipima mwenyewe kwa miguu yangu. Alikuwa na spana mbili, msumeno wa chuma, kamba ya manila na gunia tupu. Juu, kwenye barabara ya changarawe, wakamkuta kijana wa bajaji kazima taa. Kesho yake wakamfuata rafiki yao wa tatu nyumbani kwao Pasiansi. Huyu alitoa elfu ishirini ya kununulia msumeno, lakini jioni ya tukio alituma ujumbe kwamba yeye hayumo tena.

Wote watatu wamesomewa mashtaka mawili. La kwanza kula njama ya kutenda kosa la wizi, la pili kujaribu kuiba. Mashine ipo, mwenyewe kaenda nayo ziwani tangu juzi. Sitetei wizi, na dada yangu tangu siku hiyo hali chakula kikashuka. Ninachouliza ni hiki: mtu anashtakiwaje kwa kitu ambacho hakikutokea?

Nyakato_Mpya

Pole sana mkuu. Hapo hakuna kesi. Wizi ni kuchukua, na kuchukua ni mpaka kitu kisogee kutoka kilipokuwa. Hata kikisogea shubiri moja ni wizi, lakini kisiposogea hakuna wizi. Mwambie akane kila kitu, wataachiwa.

Kizimbani

Mjomba, pole. Nimeendesha mashtaka kwa miaka mingi kabla ya kuhamia upande wa utetezi, na kesi za mashine za mitumbwi nimezifanya pande zote mbili.

Nyakato kasema kweli kuhusu wizi wenyewe, ila kaishia katikati. Mashine haikusogea, ndiyo maana hawakushtakiwa kwa wizi. Waliloshtakiwa ni kujaribu, na Kanuni ya Adhabu inalihesabu hilo kuwa kosa linalojitegemea. Kifungu ni cha 380, kwa namba za toleo la 2022. Kwa maneno ya kawaida kinasema hivi: mtu ana nia ya kutenda kosa, anaanza kuitekeleza nia hiyo kwa njia inayofaa kuifikisha, na anaidhihirisha kwa tendo la wazi, lakini hafikii mwisho.

Neno la kulishika hapo ni "anaanza kuitekeleza". Kununua msumeno si kuanza kuiba. Kumwita mtu wa bajaji si kuanza kuiba. Kutembea tu kwenda mwaloni usiku bado si kuanza kuiba. Yote hayo ni maandalizi, na mtu anaweza kujiandaa hadi asubuhi bila kuwa amejaribu chochote. Siku hiyohiyo akiushika mnyororo na kuuwekea meno ya msumeno, amevuka. Haijalishi ameukata au hajaukata.

Kwa hiyo kabla sijasema zaidi nakuuliza swali moja, nalo ndilo litakaloamua shitaka la pili: mtumbwi uliguswa?

Mama_Dagaa

Samahanini, nitasema kwa uchungu. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapo Kirumba na nina mitumbwi miwili. Mashine yangu moja ilibebwa mwaka juzi. Ile mashine nilikuwa naidaiwa bado. Vijana sita walikaa bila kazi miezi mitatu, na mimi marejesho yanakuja kila Ijumaa.

Sasa leo naambiwa mtu amekaa kwenye matete saa nne usiku, ana msumeno, ana spana, ana gunia la kufunikia mashine, na bajaji inamngoja juu, eti bado hajaanza? Alikuwa anavua kambale na spana? Mnataka mlinzi asubiri mpaka mashine ifungwe kwenye mtumbwi wa mtu kule visiwani ndipo apige filimbi?

Kizimbani

Mama, pole kwa hasara hiyo. Mlinzi hakukosea hata kidogo kumkamata. Kukamata kwa kushuku ni jambo moja, kumtia mtu hatiani ni jambo jingine. Mlinzi azuie mapema kadiri anavyoweza, ila hakimu anapaswa kuuliza mkono wa huyu mtu ulikuwa umefika wapi.

Na usidhani nasema hatua sitini zinamwokoa. Kuna kesi mbili za India ambazo mawakili wetu hupenda kuzitaja, nazo zinasaidia sana kuuona mpaka huu. Ya kwanza ni lori la mpunga lililokuwa linakwenda kuvuka mpaka wa jimbo bila kibali. Lilisimamishwa maili nyingi kabla ya mpaka. Mahakama ya juu kabisa kule ikasema hayo yalikuwa maandalizi, kwa sababu dereva alikuwa bado na nafasi ya kupewa onyo, akageuza lori, akarudi zake bila kumdhuru mtu. Ya pili, ya mwaka 1980, ni ya fedha, ile madini ya fedha, iliyosafirishwa usiku kwa gari hadi ukingoni mwa mkono wa bahari. Vipande vilikuwa vinashushwa, na mlio wa injini ya chombo ukasikika majini. Hakuna kilichopakiwa. Mahakama ikasema hilo ni jaribio tayari.

Umeona tofauti? Umbali ulihesabiwa, lakini haukuhesabiwa peke yake. Walitazama kilichobaki. Kwenye lori bado ilibaki safari nzima. Kwenye fedha ilibaki kuinua na kupakia.

Sheria_Malimbe

Kizimbani, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sheria mwaka wa tatu. Nilidhani kipimo ni "zaidi ya maandalizi matupu". Tulisoma kesi ya Uingereza ya 1991, mtu alipanga kuvamia posta. Alikuwa na bastola bandia na karatasi ya vitisho, polisi wakamkamata yadi moja tu kutoka mlangoni. Rufaa ikamwachia, kwa kuwa hakuwa ameingia. Kama yadi moja haitoshi, hatua sitini zitatoshaje? Mpwa wa mjomba atoke.

Kizimbani

Marahaba, mwanangu. Kesi umeikumbuka vizuri, na hata Waingereza wenyewe wengi hawaipendi. Lakini maneno ya kipimo hicho yanatoka kwenye sheria yao ya mwaka 1981. Sisi hatukuyachukua. Kanuni yetu ya Adhabu ilianza kutumika Tanganyika mwaka 1930, badala ya ile ya India iliyokuwa ikitumika hapa kabla yake, na maneno ya kifungu chetu asili yake ni kanuni ya Queensland, Australia, ya 1899. Ukisimama mbele ya hakimu na kesi ya Uingereza atakusikiliza, ya India vilevile, ila atakurudisha kwenye maneno yetu: ameanza kuitekeleza, na kuna tendo la wazi linaloonyesha nia.

Kwa hiyo usianze na kesi. Anza na kifungu, kisha uliza mambo madogomadogo. Mjomba, bado nasubiri jibu.

Buzuruga_Fundi

Naomba kuuliza kidogo, maana binamu yangu alifungwa kwa jambo kama hili na hakuiba kitu. Alikutwa usiku nyuma ya duka la mtu ana mtaimbo na bisibisi kubwa. Hakugusa mlango. Sasa mbona yeye alifungwa na mnasema maandalizi si kosa?

Kizimbani

Fundi, nina hakika kubwa kwamba binamu yako hakufungwa kwa kujaribu. Kuna maandalizi machache ambayo sheria imeyachomoa na kuyafanya makosa kamili. Mojawapo ni kukutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali. Pale hawahitaji kuthibitisha kwamba alianza kuvunja. Wanathibitisha usiku, vifaa, na kwamba hana maelezo. Angalia hati yake ya mashtaka utaona.

Kwa kijana wa Igombe hilo halijatumika, na naona sababu. Mtumbwi uliolazwa mchangani si nyumba.

Mjomba_Igombe

Wakuu, samahani nimechelewa, nilikuwa na dada. Leo nimeonana na mpelelezi na nimeyaona maelezo ya mlalamikaji. Kuna jambo sikulijua. Mnyororo ulikutwa umekatwa nusu. Wanasema kijana aliona mwanga wa tochi kwa mbali, akaacha, akarudi kwenye matete. Na mwenyewe kamwambia mama yake kwamba

*[sehemu ya ujumbe huu imefutwa na mwandishi]*

Kizimbani

Ahsante kwa kufuta. Mjomba, nakuomba kama mzee mwenzio: aliyoyasema kijana kwa mama yake au kwako yaishie kwa wakili wake. Hapa wanasoma wengi.

Nizungumzie tu lililo kwenye maelezo ya mlalamikaji, kwa sababu limebadilisha kila kitu. Tangu juzi tunapima hatua kutoka kwenye matete hadi kwenye mtumbwi, kumbe tulikuwa tunapima mahali pasipohusika. Matete ni mahali alipokamatwa. Kinachohukumiwa ni mahali alipofikia kabla ya kukamatwa. Kama ni yeye aliyeukata ule mnyororo hadi nusu, basi jaribio lilishakamilika palepale kwenye mtumbwi, na angeweza kukamatwa hata kitandani kwake Jumapili ijayo.

Nyakato_Mpya

Lakini mzee, si aliacha mwenyewe? Mtu akitubu njiani kwa nini aadhibiwe sawa na aliyekamatwa akikata?

Kizimbani

Hapa ndipo watu wengi huumia, mawakili wachanga nao wamo. Kifungu hichohicho cha 380 kinaendelea kusema kwamba haijalishi mtu amemaliza yote ya upande wake, au amezuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake, au ameacha kwa hiari yake mwenyewe. Yote hayo hayafuti kosa. Yanaingia kwenye adhabu tu.

Ziko nchi ambazo anayeacha kwa hiari kabla ya madhara anasamehewa kabisa. Ya kwetu haisemi hivyo. Ukishauvuka mstari huwezi kuuvuka kurudi, ila hakimu anaweza kukupunguzia. Na kwa kijana huyu hata hiari yenyewe itabishaniwa, maana aliyeacha kwa kuona tochi hakuacha kwa moyo kumsuta.

Kinyume chake, angetubu kabla ya kugusa mnyororo, akageuka na msumeno wake mkononi, kusingekuwa na jaribio la kumhukumia. Nafasi ya kughairi bila kosa la kujaribu ipo wakati wa maandalizi. Mimi naamini hiyo ndiyo sababu halisi ya mpaka huu kuwapo, Mama Dagaa. Tukiusogeza mpaka nyuma sana, mwizi aliyekwisha kufika mwaloni hana tena faida ya kurudi nyumbani.

Mama_Dagaa

Nimekuelewa, baba. Sijafurahi ila nimekuelewa. Swali langu: siku ile kama mwenye mtumbwi angekuwa ameibeba mashine nyumbani, wao wakakata mnyororo gizani wakifunua turubai wakakuta ndoo, wangetoka?

Kizimbani

Wasingetoka. Kifungu kinasema wazi kwamba kutowezekana kwa kosa, kwa sababu ya jambo ambalo mtendaji halijui, si kinga. Aliyekata mnyororo akiamini chini kuna mashine amejaribu kuiba mashine.

Mjomba_Igombe

Na hawa wawili wengine? Yule wa Pasiansi mama yake ni mjane, ananiuliza mimi kila siku kama vile mimi ndiye hakimu. Kijana hakufika mwaloni. Alituma ujumbe saa kumi na mbili jioni, "mimi simo, msinihesabu". Tukio saa nne.

Sheria_Malimbe

Huyo nadhani yuko salama. Alijitoa kabla ya tendo lolote. Kama alivyosema mzee, maandalizi si kosa.

Kizimbani

Hapana, na hapa naomba tutofautishe vizuri, kwa sababu yale mashtaka mawili hayatembei njia moja.

Kwenye kujaribu tunauliza tendo limefika wapi. Kwenye njama hatuulizi tendo. Njama hukamilika pale watu wawili au zaidi wanapokubaliana kutenda kosa, hata kama baada ya hapo wote walikwenda kulala. Kwa kosa kubwa kifungu ni cha 384, na adhabu inaweza kufika miaka 7, au ile ya kosa lililokusudiwa kama ni ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo kama siku mbili kabla walikaa wakakubaliana, na yeye akatoa elfu ishirini akijua ya nini, njama ilishakamilika elfu ishirini ilipotoka. Ujumbe wa saa kumi na mbili haufuti makubaliano ya juzi. Utamsaidia kwenye adhabu, na utamsaidia sana kwenye shitaka la pili, kwa sababu unaonyesha kwamba mnyororo ulipokatwa yeye hakuwa tena na lengo moja na wenzake.

Utetezi wake kwenye njama ni mwingine: Jamhuri ithibitishe makubaliano yenyewe pasipo kuacha shaka. Elfu ishirini ni ya msumeno, au ni deni? Alijua msumeno ni wa nini? Kusikia mpango na kunyamaza si kukubali mpango. Nikuonye tu kwamba ipo sheria nyingine inayomgusa mtu anayejua kosa kubwa linakuja na asichukue hatua ya kuridhisha kulizuia, ila hawakumshtaki kwa hiyo.

Kwa kijana wa bajaji ndipo naona kesi ya Jamhuri ni dhaifu zaidi. Taa kuzimwa si makubaliano. Dereva wa kukodi anayengoja abiria naye huzima taa, betri isiishe. Wakitegemea maneno ya mpwa wako peke yake kwenye maelezo ya onyo aliyoandika polisi, kwamba "bajaji alijua", hayatoshi. Mtu hawezi kutiwa hatiani kwa ungamo la mshtakiwa mwenzake peke yake. Wanahitaji kitu kingine: simu, nauli iliyopangwa isiyolingana na safari, au mtu aliyewasikia wakikaa.

Sheria_Malimbe

Mzee, la mwisho. Tumefundishwa kwamba Mahakama ya Rufani imesema si sahihi kumshtaki mtu kwa njama pale ambapo kosa lenyewe limeshatendwa. Sasa hapa wamechanganya njama na kujaribu. Si wangechagua moja?

Kizimbani

Swali zuri. Rufani imelisema hilo mara kadhaa kwa kosa lililokamilika, kwamba njama imeshamezwa na kosa. Lakini hapa wizi haukukamilika. Je, jaribio nalo linaimeza njama? Mimi ningetetea ningesema ndiyo, walichokubaliana ndicho walichokifanya hadi pale kilipokatikia. Rafiki yangu aliyebaki upande wa mashtaka angesema hapana, maana yule wa Pasiansi hakuwapo kwenye jaribio, na bila shitaka la njama hana pa kumshika. Nimewaona mahakimu wakienda huku na huku. Wakili wenu alilete kama pingamizi mapema, asisubiri hukumu.

Na Mjomba, ukumbuke pia jambo hili: hata kama wangeshtakiwa kwa wizi kamili, mahakama ingeweza kuwatia hatiani kwa kujaribu bila shitaka hilo kuandikwa. Kwa hiyo msijenge utetezi wote juu ya "mashine haikusogea".

Buzuruga_Fundi

Naomba niseme la ufundi, sijui kama lina maana. Mimi nakata vyuma kila siku. Mnyororo uliokatwa leo, pale msumeno ulipopita panang'aa kama shilingi mpya. Kwa unyevu wa ziwa, siku chache tu panaanza rangi ya chai, wiki mbili ni kutu kabisa. Pia unga wa chuma hudondoka chini ya mkato na mwingine hubaki kwenye meno ya msumeno. Kule mwaloni minyororo mingi ina mikato ya zamani, wezi wamejaribu wakashindwa. Nimeshaunga mingi ya hivyo. Nani kasema huo mkato ni wa usiku ule?

Kizimbani

Fundi, lina maana kuliko yote niliyoandika leo. Hakuna aliyemwona akikata, kwa ninavyoelewa maelezo. Walimkuta kwenye matete. Bila kuufunga ule mkato na ule msumeno na usiku ule, tunarudi kwenye kijana aliyejificha na vifaa hatua sitini, na hapo ninaweza kusimama nikabishana kwamba ni maandalizi.

Mjomba, muulize wakili mambo matatu. Mnyororo umechukuliwa kama kielelezo au bado uko kwa mwenye mtumbwi? Ulipigwa picha asubuhi ile? Na mwenye mtumbwi aliandika kwamba jioni alipofunga kufuli aliukagua mnyororo ukiwa mzima?

Mjomba_Igombe

Nimempigia wakili sasa hivi. Picha hakuna. Mnyororo polisi hawakuuchukua, mwenyewe aliendelea kuutumia.

Mama_Dagaa

Mjomba, huo mtumbwi naujua na mwenyewe namfahamu, dagaa wake napokea mimi. Jana alinunua mnyororo mpya hapa mjini. Wa zamani sijui kautupa wapi. Nikimwona alfajiri mwaloni nitamuuliza, na nitakuambia kama alivyoniambia, liwe la kuwafaa au la kuwaumiza.

Mjomba_Igombe

Ahsante mama. Kesi inatajwa Alhamisi. Nitarudi kwenye uzi huu.